Kazi ya Alfajiri: Kuchota Bei Kila Siku na Kuijua Siku Iliyokwama

Kurasa nyingi za mtandaoni zinazotangaza bei za jumla za mazao zina tabia moja: bei mpya zikiingia, za zamani zinafutika. Leo utaona gunia la kilo 100 la mahindi linauzwaje mji kwa mji, na maharage, na mchele. Ukitaka kujua maharage yalipandaje kati ya Machi na Juni, ukurasa hauna jibu. Jibu analo mtu aliyeunakili kila asubuhi, na kunakili kwa mkono kila asubuhi ni ahadi ambayo watu wengi huivunja kabla mwezi haujaisha.

Ndiyo maana vyama vya wakulima, wafanyabiashara wa nafaka na waandishi wa habari za uchumi hutumia skripti, yaani programu fupi inayoufungua ukurasa yenyewe, inasoma jedwali, inachota namba na kuziandika kwenye faili. Kwa anayejua Python kidogo, skripti ya aina hiyo ni kazi ya jioni moja. Akiiendesha kwa mkono inafanya kazi. Kinachobaki ni kuifanya iende yenyewe kila alfajiri, mwezi baada ya mwezi, bila mtu kukaa mbele ya kompyuta. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Wengi hugundua mwezi wa tatu kwamba faili lao lina mashimo, na kwamba hakuna mahali palipoandikwa mashimo hayo yalitokana na nini.

Skripti inayofeli kwa kelele haina madhara makubwa, kwa sababu utaisikia na kuirekebisha. Ya kuogopwa ni ile inayofeli kimya: inaanza, inamaliza, haitoi neno, na haijaleta kitu. Karibu kila ninachokieleza hapa kinahusu namna ya kuufanya ukimya huo uandikike, ili mtu akija kukagua baada ya siku nyingi akute maelezo.

Chombo cha kuamsha kazi kwa saa maalumu kipo tayari kwenye karibu kila seva ya Linux. Kinaitwa `cron`. Kilikuwemo kwenye toleo la saba la Unix la mwaka 1979, na kile kinachotumika kwenye mifumo mingi ya Linux leo kinatokana na kazi aliyoianza Paul Vixie mwaka 1987. Kinafanya jambo moja: kila dakika kinaamka, kinatazama orodha ya kazi, na kama kuna iliyofikiwa na wakati wake, kinaianzisha. Orodha hiyo unaifungua kwa amri ya `crontab -e`, na kila kazi ni mstari mmoja:

```
37 6 * * * /home/data/bei/endesha.sh
```

Namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa. Nafasi tatu zinazofuata ni siku ya mwezi, mwezi, na siku ya juma. Nyota maana yake ni yoyote. Kwa hiyo mstari huu unasema: kila siku, ikifika saa 6 na dakika 37, endesha faili hilo.

Saa 6 ipi? Msomaji wa Kiswahili asiipite namba hii haraka. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, wakati `cron` inahesabu kuanzia usiku wa manane, kutoka 0 hadi 23. Saa 6 yake ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Aliyekusudia saa moja asubuhi akaandika 1 atakuta skripti inaenda saa saba usiku, wakati bei za siku hiyo bado hazijawekwa, na faili lake litajaa bei za jana zilizopewa tarehe ya leo. Mstari hauna kosa lolote la uandishi, kwa hiyo hakuna kitakacholalamika.

Kuna tabaka la pili la tatizo hilohilo. Seva za kukodi mara nyingi huja zimewekwa kwenye saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwenye seva kama hiyo saa 6 ya `cron` ni saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam. Unaweza kutoa tatu kichwani kila mara, na kwa kuwa huku hatusogezi saa mbele na nyuma kwa majira kama Ulaya, hesabu hiyo haitakugeuka. Lakini kumbukumbu zitaandikwa kwa saa ambayo hukuiishi, na siku ya kuzisoma utachanganyikiwa. Kama seva ni ya kazi hii tu, naona ni bora kuiweka kwenye saa ya kwetu moja kwa moja:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart cron
```

Mstari wa pili una sababu. `cron` iliyokwisha kuwashwa inaweza kuendelea na saa ya zamani hadi iwashwe upya.

Na kwa nini dakika ya 37, isiwe saa kamili? Kwa sababu watu wengi wanaopanga kazi za namna hii huandika sifuri, hivyo saa inapogonga seva nyingi duniani huenda kuchota kwa mkupuo mmoja. Dakika ya katikati inaupunguzia mzigo ukurasa unaousoma. Adabu nyingine za kazi hii ni chache. Soma faili la `robots.txt` la tovuti husika, ambamo mwenye tovuti huandika sehemu asizotaka programu ziingie. Utaratibu huo ulianza mwaka 1994 na uliandikwa rasmi kama RFC 9309 mwaka 2022. Kisha skripti ijitambulishe kwa jina na anwani ya barua pepe, ili mwenye tovuti akiwa na neno ajue pa kulipeleka. Ukurasa mmoja mara moja kwa siku si mzigo kwa mtu, mradi usijifiche.

Sasa tuje kwenye malalamiko yanayosikika kuliko yote: “Nikiiendesha mwenyewe inaenda, `cron` ikiiendesha haiendi.” Sababu ni kwamba unapofungua dirisha la amri, mfumo unakuandalia mazingira: unajua programu zako ziko wapi, uko ndani ya folda gani, maktaba zipi za Python zimewashwa. `cron` haiandai hayo. Inaanza na mazingira makavu, ambamo njia ya kutafutia programu kwa kawaida ni `/usr/bin:/bin` tu, na folda ya kufanyia kazi ni ile ya nyumbani kwa mtumiaji. Skripti iliyoandikwa “fungua `bei.csv`” italitafuta faili hilo mahali pengine kabisa. Maktaba ulizoweka kwenye mazingira maalumu ya mradi hazitaonekana, na Python itakufa kwenye mstari wa kwanza kwa `ModuleNotFoundError`.

Ujumbe huo wa kufa unakwenda wapi? `cron` hujaribu kuutuma kama barua kwa mtumiaji, ndani ya mashine hiyohiyo. Seva nyingi za leo hazina programu ya kutuma barua, kwa hiyo ujumbe unatupwa. Kwenye Debian na Ubuntu unachobaki nacho ni mstari mmoja katika kumbukumbu za mfumo: `No MTA installed, discarding output`. Maelezo ya nini kimeharibika yametoweka.

Dawa ya yote mawili, mazingira makavu na ujumbe unaotupwa, ni kutoiita Python moja kwa moja kutoka kwenye `crontab`. Weka faili dogo katikati ambalo linaandaa kila kitu na kuandika kila kitu. Hili ndilo `endesha.sh` la mfano wetu:

```sh
#!/bin/sh
cd /home/data/bei || exit 1
exec >> bei.log 2>&1
echo "$(date '+%F %T') ANZA"
flock -n -E 75 /tmp/bei.lock \
  timeout 300 venv/bin/python chota.py
hali=$?
echo "$(date '+%F %T') MWISHO hali=$hali"
exit $hali
```

Mstari wa `cd` unaingia kwenye folda ya mradi, na ukishindikana kazi inasimama palepale. Mstari wa `exec` unaelekeza matamshi yote ya skripti, ya kawaida na ya makosa, kwenye `bei.log`. Alama mbili za `>>` zinaongeza mwishoni, wakati moja ingefuta ya jana. `2>&1` ndiyo inayoingiza makosa humo pia, na lazima ije baada ya jina la faili. Wanaoiacha hupata kumbukumbu safi isiyo na kosa hata moja, kwa sababu makosa yote yamekwenda njia nyingine.

`timeout 300` inaikata kazi ikizidi dakika tano. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa maktaba ya `requests` inayotumika sana kuchota kurasa haina ukomo wa kusubiri usipoiwekea. Seva ya upande wa pili ikipokea ombi isijibu, skripti inaweza kuning’inia hadi kesho, ya kesho ikaanza juu yake. `flock` inazuia hilo la pili: kama ya jana bado inashikilia kufuli, ya leo haiingii. `venv/bin/python` ni Python ya mradi wenyewe, ile yenye maktaba zake.

Kila programu ikimaliza huacha namba moja nyuma yake. Sifuri maana yake imeridhika. Namba nyingine yoyote ni taarifa ya tatizo. Katika mpango wetu, 1 ni kosa lisilotarajiwa ndani ya Python, 75 ni kwamba ya zamani bado inaendelea, na 124 ndiyo namba ambayo `timeout` huitoa ikilazimika kukata. Tutaongeza 3 baadaye kidogo.

Faili hili la katikati lina faida nyingine ambayo wengi huijua baada ya kuumia. Ndani ya `crontab`, alama ya asilimia haichukuliwi kama asilimia. `cron` huigeuza kuwa mwanzo wa mstari mpya na kuikata amri hapo. Anayetaka kuweka tarehe kwenye jina la faili akaandika `date +%F` ndani ya `crontab` ataona amri inayoenda vizuri kwenye dirisha ikigoma alfajiri. Inabidi kuandika `\%`. Ukiweka amri zako kwenye faili la pembeni, huhitaji kukumbuka hilo.

Kabla ya kungoja alfajiri, liruhusu faili liendeshwe kwa `chmod +x endesha.sh`, kisha liite kwa mazingira makavu kama yatakavyokuwa:

```
env -i HOME="$HOME" PATH=/usr/bin:/bin \
  /home/data/bei/endesha.sh
```

Likipita hapa, litapita kwa `cron` pia, isipokuwa saa iwe imekosewa. Na tahadhari moja kuhusu amri yenyewe: `crontab -r` hufuta orodha yote ya kazi, na kwa kawaida hukuulizi mara mbili, ilhali herufi `r` inakaa jirani na `e` kwenye kibodi. Hifadhi nakala kwa `crontab -l > crontab.nakala`.

Sasa tuingie ndani ya skripti. Sehemu inayoamua kama utaujua ukweli baadaye ni fupi:

```python
r = requests.get(URL, timeout=30, headers=UTAMBULISHO)
r.raise_for_status()
hifadhi(r.text)
tarehe, mistari = soma_jedwali(r.text)
if len(mistari) < 40:
    log.error("mistari %d, ilitarajiwa 40+", len(mistari))
    sys.exit(3)
log.info("mistari %d, bei za %s", len(mistari), tarehe)
```

`raise_for_status` inakataa kuendelea kama seva ya upande wa pili imejibu kwa namba ya kosa: 403 ya kukatazwa, 404 ya ukurasa usiokuwepo, 503 ya huduma iliyozidiwa. Bila mstari huo, skripti ingepokea ukurasa wa kuomba radhi na kuusoma kana kwamba ni jedwali la bei. Makosa haya hayafanani, wala hayastahili kutendewa sawa. Kwa 503 au muda wa kusubiri kuisha, kujaribu tena baada ya dakika moja kuna maana, na majaribio matatu ya sekunde 30 yaliyotenganishwa kwa dakika moja moja kwa kawaida yataisha ndani ya dakika tano tulizoweka. Kwa 403 au 404 kurudia ni kusumbua tu. Andika kwenye kumbukumbu, ondoka, mtu aje aangalie.

Lakini tazama mstari wa tatu, `hifadhi`. Ukurasa mzima, kama ulivyofika, unawekwa kwenye diski kwa jina la tarehe ya siku kabla jedwali halijaguswa. Kama ningelazimika kubakiza ushauri mmoja katika makala hii, ningebakiza huu. Usomaji wa jedwali unaweza kurudiwa hata mwezi ujao. Ukurasa wa leo hauwezi kupatikana tena kesho. Gharama yake ni ndogo. Ukurasa wa kilobaiti 100 ukihifadhiwa kila siku haufiki megabaiti 40 kwa mwaka, na ukibanwa kwa `gzip` unapungua zaidi.

Kipimo cha mistari 40 kinatokana na jedwali lenyewe. Tuseme kwa kawaida lina mistari kati ya 48 na 54, kutegemea miji mingapi imetuma taarifa. Ukiweka 48 utapigiwa kelele kila mji mmoja ukichelewa, na kelele za bure humfanya mtu aache kusoma. Ukiweka 1, jedwali lililobaki nusu litapita. Kipimo kizuri kinakaa chini kidogo ya siku mbaya ya kawaida, na huwezi kukijua hadi uwe umeziona wiki kadhaa za data.

Tuone kinavyofanya kazi. Jumanne moja kumbukumbu zinasomeka hivi:

```
2025-03-11 06:37:01 ANZA
2025-03-11 06:37:03,412 ERROR mistari 0, ilitarajiwa 40+
2025-03-11 06:37:03 MWISHO hali=3
```

Sekunde mbili, na hakuna kosa la mtandao. Maana yake ukurasa ulifika salama na tatizo liko kwenye kuusoma. Unafungua nakala ya siku hiyo kwenye kivinjari na bei zote zipo mbele yako. Unaufungua tena kama maandishi, unatafuta neno la kutambulisha jedwali ambalo skripti hulitegemea, tuseme `bei-jumla`, na hulioni. Mwenye tovuti amepanga upya ukurasa na sasa limeandikwa `bei_jumla`. Kwa skripti hilo ni jedwali jingine kabisa. Unabadilisha herufi moja, unaelekeza msomaji wa jedwali kwenye nakala ya tarehe 11, na siku hiyo inajazwa kana kwamba haikukwama. Bila kipimo, Python isingelalamika, kwa kuwa kutafuta kitu usikione si kosa kwake. Ingeandika mistari sifuri na kuaga kwa namba sifuri.

Kuna kukwama kwingine ambako hata hesabu ya mistari haitakunasa. Mistari ipo yote 50, tarehe ni sahihi, lakini mahindi ya Arusha yaliyokuwa shilingi 80,000 jana ni 800 leo. Kilichobadilika ni kipimo: tovuti imeacha kuandika bei ya gunia la kilo 100 na kuanza kuandika ya kilo moja. Namba zote ni sahihi, ila faili lako sasa limechanganya vitu viwili, na mchoro wowote utakaochorwa kutoka humo utaonyesha soko lililoanguka. Kinga yake ni kulinganisha kila bei na ya mara iliyotangulia. Ikiwa imepungua chini ya nusu au kuzidi mara mbili, iandikwe kwenye kumbukumbu kama `WARNING`, pamoja na bei zote mbili, jina la zao na mji. Usiifute wala kuirekebisha kimyakimya, kwa sababu siku nyingine bei hubadilika kweli. Mtu aamue. Kama ni zao moja kwenye mji mmoja, huenda ni kosa la aliyeingiza namba. Kama ni mazao yote kwa mkupuo na kwa kiwango kilekile, tafuta kipimo kilichobadilishwa.

Halafu kuna siku ambazo hakuna jipya na si kosa la mtu. Bei za soko hazitangazwi kila siku. Jumapili ukurasa unaonyesha za Ijumaa. Siku ya Saba Saba au Nane Nane ofisi zimefungwa, na Idi husogea kila mwaka. Skripti inayoandika tarehe ya kompyuta itaziingiza bei za Ijumaa mara tatu, kana kwamba soko lilitulia. Ichukue tarehe iliyoandikwa ndani ya ukurasa, na ikikuta tarehe hiyo imo tayari kwenye faili, iandike `hakuna jipya` kwa daraja la `INFO` na kuaga kwa sifuri. Ikipita siku nne mfululizo bila tarehe mpya, hapo ipandishe kuwa `WARNING`. Namba nne naichagua kwa sababu mwisho wa juma ukiungana na sikukuu huweza kula siku tatu bila mtu kukosea.

Hadi hapa tumezungumzia kukwama kunakoweza kujiandika. Kuna kumoja kusikoweza: kazi isiyoanza kabisa. Seva iliyozimwa haiandiki kwamba imezimwa. `cron` pia hairudii kazi iliyopitwa; umeme ukirudi saa mbili asubuhi, ya saa kumi na mbili imekwenda. Kwa anayetumia kompyuta mpakato nyumbani, `anacron` inafaa zaidi, maana hutunza tarehe ambayo kazi ilifanyika mara ya mwisho na kuifanya mashine ikiwashwa. Kwenye seva, namna ya kuaminika ni kuweka jicho nje ya mashine hiyo. Kompyuta nyingine, kila siku saa nne asubuhi, iulize `bei.log` imeguswa mara ya mwisho lini, na kama ni zaidi ya saa 24 itume barua. Kuiweka kengele hiyo kwenye seva ileile hakusaidii, kwa kuwa zitazimika pamoja.

Ndiyo maana `endesha.sh` inaandika ANZA na MWISHO kwa mistari miwili tofauti, hata siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Mtu anayesoma baadaye anaona moja kati ya sura tatu. ANZA na MWISHO vipo: kazi ilifika mwisho, soma namba ya hali. ANZA ipo na MWISHO haipo: mashine ilikatika katikati, kwa kawaida umeme. Vyote havipo: `cron` haikuianzisha, au iliianzisha na faili likashindwa kabla ya kuandika chochote. Hili la mwisho utalitenganisha kwa `journalctl -u cron`, ambako `cron` yenyewe huandika kila amri inayoianzisha. Kwenye mifumo ya ukoo wa Red Hat jina ni `crond`. Ukikuta amri yako imo humo lakini `bei.log` haina kitu, tazama ruhusa za faili na kama folda bado ipo mahali pake.

Kukagua kusisubiri mpaka mtu aulize data. Mara moja kwa wiki, siku ileile, kunatosha kwa kazi ya namna hii, na hakuchukui dakika kumi:

```
grep -c ANZA bei.log
grep MWISHO bei.log | grep -v 'hali=0$'
grep -E 'WARNING|ERROR' bei.log | tail -20
```

Amri ya kwanza inahesabu kazi ilianza mara ngapi. Ikiwa wiki iliyopita ilikuwa 63, leo inatakiwa iwe 70. Ya pili inaleta siku zilizoaga vibaya, na ya tatu inaeleza sababu. Kukiwa na kosa la Python, utakuta mlolongo mrefu wa mistari. Anza kusoma kutoka chini, kwa sababu mstari wa mwisho ndio unaotaja kilichotokea, na ya juu yake inaonyesha njia iliyopitiwa kufika hapo.

Fungua pia faili dogo la marekebisho kando ya data, la maandishi ya kawaida tu, na kila siku iliyokwama iandikwe humo: tarehe, namba ya hali, sababu iliyopatikana, na kilichofanyika. “11 Machi, hali 3, jina la jedwali lilibadilika, imesomwa upya kutoka nakala.” Siku ambayo seva ilizimika na ukurasa haukuhifadhiwa, andika hivyo na uiache tupu kwenye `bei.csv`. Usiijaze kwa bei ya jana wala kwa wastani wa siku mbili za jirani. Atakayechora mchoro wa maharage kutoka Machi hadi Juni ana haki ya kuona pengo mahali penye pengo, na akifungua faili la marekebisho atakuta sababu yake.